Simu ya Kwanza ya Aliyerudi

Mtu akiniambia leo kwamba wakati ule sote tulipatwa na wazimu, namkatalia palepale. Wazimu hauagizi soda. Shefu wetu aliagiza kreti nzima ya soda kumkaribisha mwenzetu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, akachagua na ya machungwa kwa sababu alikuwa ameuliza anapenda nini. Yule hakuwa na wazimu. Alijua anachokifanya, na hasira yangu juu yake haijapoa mpaka leo, wala simwombi mtu anisaidie kuipoza.

Nilikuwa mkubwa kati ya wanawake watatu wa santrale, yaani chumba cha simu cha kampuni ya migodi hapa Kolwezi, Katanga. Tulikaa mbele ya ubao wa zamani wenye matundu na vifuniko vidogo. Mtu akipiga kutoka Mashamba, ambako shaba ilichimbwa kwenye mashimo, au Kingamyambo, ambako mchanga wa mabaki uliooshwa upya, kifuniko cha laini yake kilianguka, tak, nasi tulichomeka waya na kumwunganisha na anayemtaka. Siku nzima tulikuwa na sauti za watu masikioni. Tulijua nani ana deni la pombe na nani amekosana na mkwewe. Hatukusema. Mwanamke wa santrale anayesema anayoyasikia hana tofauti na mpishi anayetema mate chunguni.

Tulijua pia sikio la tatu. Watu wawili wakiongea, mwingine akanyanyua simu yake kimya apate kusikiliza, sauti hupungua kidogo, kama maji ya bomba jirani anapofungua la kwake. Asiyezoea hasikii. Sisi tulisikia, na tulikuwa na kikohozi chetu cha kuwatahadharisha wateja tuliowapenda.

Katika chumba hicho tulikuwa na namna yetu ya kumpokea mtu aliyekaa mbali muda mrefu, awe ametoka hospitali au kujifungua. Sikuianzisha mimi. Nilifundishwa na mama aliyenitangulia kwenye kiti kile, na yeye alifundishwa na wa kwake. Huulizi ulikuwa unaumwa nini. Humwambii amekonda, humwambii amenenepa, humtazami tumbo. Kwa aliyetoka kuzaa, humuulizi mtoto. Unasimama, unapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, kama tunavyofanya kwetu tukimheshimu mtu, unasema: "Mulipona, mama." Basi. Maana hilo ndilo jambo pekee unalolijua kwa hakika: amepona, kwa kuwa huyo hapo amesimama mbele yako. Mengine yote hujui. Mtoto anaweza kuwa mnene na mzuri, na anaweza kuwa ardhini. Akiwa mzuri, mama mwenyewe atakutajia kabla hajakaa, huwezi hata kumzuia. Asipomtaja, na wewe humtaji.

Baada ya hapo unamrudishia mahali pake. Kikombe chake kimebaki kwenye msumari wake, hakuna aliyekinywea. Kaske yake, ile ya kuvaa kichwani kusikilizia simu, imefutwa vumbi. Unamweleza ya kazi tu: laini fulani imekufa, mhandisi fulani amehamia ofisi nyingine, yule mkali wa ghala bado mkali. Maneno ya kazi yanampa mtu pa kushika. Kisha mnangoja. Kifuniko cha kwanza kikianguka, hakuna anayekigusa. Simu ya kwanza ni yake. Anavaa kaske, anachomeka waya, anasema "Allô, santrale," na sauti yake ikishatoka hivyo, amerudi. Niliona wanawake walioingia na woga wakatulia kwa sentensi hiyo moja.

Fundi wetu wa nyaya aliwahi kurudi baada ya kulazwa muda mrefu kwa kifua. Mjini watu walikuwa wakimkwepa na kunong'ona ugonjwa wake. Sisi tulimwambia, kama unavyomwambia baba, "Karibu, tata, waya zilikulilia," tukampa koleo lake. Alicheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyerudi nyuma alipokohoa. Hiyo ndiyo adabu niliyolelewa nayo kazini, na wala haihitaji shule.

Sasa mwenzetu. Yeye alikuwa wa kwetu, wa kaskazini mwa Katanga, mtulivu, mcheshi akikuzoea. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kule Mashamba, mzaliwa wa papa hapa Kolwezi, lakini babu yake alitoka mkoa jirani wa Kasai. Hilo la babu halikuwa na maana kwa mtu yeyote tulipohudhuria arusi yao. Tulikula, tulicheza, na hata wale waliokuja kuimba baadaye barabarani kwamba watu wa Kasai waondoke walikula nyama ile.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Mitambo ikasimama, malori yakalala bila matairi, watu wakaanza kukata nyaya zetu za simu wauze shaba yake. Mji mzima umekalia shaba, na sisi tukaibiwa nyuzi za kuongelea! Na watu wenye njaa wakaambiwa na wanasiasa kwa spika kwamba mwenye kosa ni jirani yao wa Kasai. Wakaitwa bilulu, wadudu. Vijana wakapita mtaa kwa mtaa na fimbo na mapanga. Waliofukuzwa walikwenda kulala stesheni, maelfu yao, chini ya maturubai, wakingoja mabehewa. Shefu wetu wa zamani alikuwa mmoja wao, mzee mpole aliyekuwa akigonga mlango wa chumba chake mwenyewe kabla ya kuingia. Wiki ileile kiti chake kikapata shefu mpya, na nyumba yake pia.

Mwenzetu alikuwa wodi ya wazazi vijana walipomsukuma mumewe ndani ya behewa. Ndivyo tulivyosikia. Kama alikuwa amekwisha kujifungua, kama mtoto alitoka hai, kama baba yake aliondoka naye au alibaki na mama, hatukujua. Na hapo ndipo palipokuwa na kisu. Vijana walikuwa na sheria yao: mwanamke wa kwetu abaki, ni wetu, mtoto si wetu, amfuate baba yake. Niliona kwa macho yangu mtoto anayenyonya akichukuliwa pale sokoni mgongoni mwa mama yake, akapelekwa stesheni na kukabidhiwa mwanamke yeyote wa Kasai aliyekuwa kwenye foleni. Eti sheria. Basi swali "Mutoto iko wapi?" ambalo siku zote lilikuwa kukosa adabu tu, sasa lilikuwa na panga nyuma yake.

Siku moja kabla ya mwenzetu kurudi, shefu mpya aliingia akitabasamu.

"Bamama, kesho dada yetu iko narudia. Tutamupokea muzuri, na sucré, na bisikiti. Batu ba biro yote bataingia humu."

Nikamwambia, "Shefu, humu hatupokeake muntu vile. Tunamuachaka kwanza anaikala."

"Ile ni ya zamani, mama. Sasa tuko jamaa moja. Tutamuuliza habari ya mutoto, na jina, tumupatie zawadi."

Jina! Nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni. Kwa desturi za huku, jina la mtoto hukuambia babu yake ni nani na ametoka upande upi. Mtu huyu alikuwa anataka mama aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya ofisi nzima, chupa ya soda mkononi: mtoto yupo, ni wa fulani. Baadaye angekwenda kuwaambia vijana wake. Kila mtu alijua jioni alikaa nao wapi. Tena alikuwa na mdogo wake aliyeitamani ile nyumba ya kampuni kule Kapata ambamo mwenzetu aliishi.

Sikumjibu. Nilikuwa na watoto wangu na mume asiye na kazi. Ukimjibu mtu wa namna ile asubuhi, jioni una wageni wenye mapanga. Nilingoja mpaka akatoka. Kisha nikavaa kaske nikaanza kupiga simu.

Kila mgodi na kila kiwanda kilikuwa na mtu wake wa simu, na stesheni ya treni pia. Watu hawa nilifahamiana nao miaka mingi bila kuwaona. Wa Kingamyambo alikuwa na kigugumizi kidogo. Wa Mashamba alipenda kuimba huku akingoja. Niliwaambia wote jambo moja, kwa maneno machache, nikisikiliza kila mara kama sauti imepungua: "Kesho mwenzetu iko nangia. Akishaikala, mumupigie. Mumusalimie vile tunasalimiaka. Hakuna kuuliza." Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Baadhi ya laini hazikuitika. Moja ilikuwa imekatwa na wezi wa nyaya. Nyingine ilikuwa nzima, inalia vizuri kabisa upande wa pili, ila yule aliyekuwa akiipokea alikuwa amelala stesheni na watoto wake.

Asubuhi mwenzetu aliingia. Alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na kitambaa kichwani. Sisi wawili tukasimama. Tukapiga makofi taratibu.

"Mulipona, mama."

"Nilipona, bamama. Asante." Hakuongeza kitu. Macho yake yalikwenda kwenye msumari, akaona kikombe chake, akakigusa kwa kidole. Nikaanza haraka ya kazi: laini ya ghala imekufa, ya hospitali inakwaruza, yule mkali bado mkali.

Hatujamaliza, mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Shefu, na nyuma yake watu wa ofisi zote, wengine wameinamisha nyuso, wengine wakitazama soda. Mesaje, yaani tarishi wa ofisi, mwanaume mzima mwenye ndevu, alibeba kreti.

"Dada yetu!" Shefu akamshika mabega. "Tunafurahi sana. Karibu, karibu. Tuambie basi. Mutoto ni mwanaume ao mwanamuke? Iko na nani sasa? Jina mulimupatia gani?"

Niseme wazi nilichokiona, kwa sababu wapo wanaosema hawakuona kitu: uso wa mwanamke yule ulibaki bila damu. Akisema mtoto amekufa na kesho akaonekana, ni mwongo. Akisema ameondoka na baba yake, watakwenda kupekua Kapata wahakikishe. Akitaja jina, kwisha. Midomo yake ilifunguka, na wale watu wote, wenzetu wa kila siku, wakainama mbele kidogo wapate kusikia. Waliinama! Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko shefu. Shefu alikuwa shefu. Wao walikuwa na masikio tu, na waliyaleta.

Tak. Kifuniko cha Mashamba kikaanguka.

"Simu ya kwanza ni yake," nikasema kwa sauti. "Shefu, mupishe. Kazi."

Akavaa kaske. "Allô, santrale." Sijui kama alijua kwamba machozi yalikuwa yakimtoka. Nilikuwa nimechomeka ya kwangu pia, nikamsikia yule mwimbaji wa Mashamba akisema, "Mulipona, mama," na kukata.

Tak. Kingamyambo. "Mu-mu-mulipona, mama." Tak, hospitali. Tak, karakana kuu. Tak, stesheni. Vifuniko vilianguka ubao mzima, akichomoa hapa anachomeka pale, na kila mara alijibu kwa sauti iliyozidi kupata nguvu, "Nilipona. Asante, tata. Nilipona, mama." Shefu alisimama amefungua mdomo. Alijaribu tena, "Dada, tulikuwa tunauliza..." Nikamgeukia: "Allô, shefu, tuko mu laini." Mwenzetu wa tatu, msichana mcheshi, akagawa soda upesiupesi na kuwasukuma watu nje kwa chupa. Mesaje akawa wa kwanza kutoka, akijifanya kreti imemlemea, na ilikuwa tupu.

Nilidhani tumeshinda. Mtu mwenye hila hashindwi mara moja. Kabla ya saa sita shefu alirudi peke yake, mpole kama mchungaji.

"Dada, sheria inakupatia saa ya kunyonyesha. Iko haki yako. Enda kwako. Mesaje atakusindikiza, mu njia hakuko muzuri."

Hakika sheria ilimpa. Wanawake kabla yetu waligombania saa hiyo, nami niliitumia kwa watoto wangu wote. Mtu huyu aliichukua haki ya mama akaifanya mtego: ukitoka, tunaona unakoelekea.

"Asante, shefu," mwenzetu akasema bila kugeuka. "Leo siendi."

Shefu akavuta kiti, akakaa. Hakuwa na haraka. Saa ikapita, maziwa yakaja. Mwili haujui siasa. Niliona doa likitokea upande mmoja wa blauzi nyeupe, kisha upande wa pili, likipanuka, naye akiendelea kuchomeka waya, ameuma mdomo. Kama mtoto alikuwa hai, alikuwa mahali fulani analia njaa. Kama alikuwa amekufa, maziwa yalikuwa yanamlilia. Sikujua ni lipi, na ninaapa sikutaka kujua. Nilifungua kitenge changu cha juu nikamfunika mabegani mpaka kifuani.

"Baridi iko, mama," nikasema.

"Baridi gani na hii joto?" shefu akauliza.

"Ya bazee, shefu. Inatoka kwangu, inangia kwake."

Akanitazama sana. Nami nikamtazama. Nilimchukia, na nikafurahi kumchukia, kwa kuwa ilikuwa hali safi kuliko woga. Hatimaye akaondoka. Mwenzetu aliubana ukingo wa kitenge kwa kidevu akaendelea na kazi.

Alikuja kazini siku kadhaa. Mesaje alitumwa kumfuata jioni. Kila asubuhi alimletea shefu ripoti ileile: alikwenda soko, alikwenda kanisa, alirudi nyumbani. Mwanaume yule mwenye ndevu alikuwa na watoto sita, na nadhani aliona zaidi ya alivyosema. Mtoto alinyonya wapi na saa ngapi, sijui. Mimi nilisema tu kila asubuhi, "Jambo, mama," naye akasema, "Jambo sana," na tukaongea juu ya laini ya hospitali inayokwaruza.

Kisha siku moja hakuja. Kikombe kilikuwa kwenye msumari. Kitenge changu kilikuwa juu ya kiti, kimefuliwa na kukunjwa. Kabla ya wiki kwisha mdogo wake shefu alikuwa ameshaweka viti vyake barazani kule Kapata.

Wakati huo treni za kwenda Kasai zilikwama njiani siku nyingi kwa kukosa mafuta au kichwa cha kuvuta, na kila stesheni vijana walipanda mabehewani kuteremsha wanawake wa kwetu na kuacha watoto ndani. Kila kifuniko cha laini ya treni kilipoanguka nilikirukia kabla ya wenzangu. Shefu alikuwa amegundua hilo.

Kikaanguka mchana mmoja. Mtu wa simu wa stesheni akasema, "Mama, shika. Muntu anakuita toka Kamina," akaondoka kwenye laini. Kamina iko katikati ya njia ya reli ya Kasai, bado mikononi mwa vijana. Upepo ukavuma katika waya. Kisha nikasikia pumzi, na nikaijua kabla haijawa sauti.

"Mulipona, mama," nikasema.

"Nilipona." Nyuma yake mtoto akalia. Kilio cha kushiba, cha kugombana na usingizi. Nimelea watoto wengi, nakijua. Nikashika ukingo wa ubao. "Mama," akasema, na alikuwa akicheka na kulia pamoja, "hamukuniulizaka. Hata siku moja. Sasa mi mwenyewe nataka kuwaambia. Tulimupatia jina ya..."

Sauti ikapungua. Kidogo tu, kama maji ya bomba.

Nilikuwa nimengoja jina lile kwa adabu zangu zote. Kwetu mama akifungua mlango mwenyewe, unaingia, unacheka naye, unalirudia jina kwa sauti ili mtoto alizoee kinywani mwa watu. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja kote kule. Na mtu mmoja ameketi ofisini, kwenye kiti cha mzee aliyefukuzwa, simu sikioni, anangoja pamoja nami.

"Umekosea namba, mama," nikasema. "Hapa ni santrale ya mugodi."

Nikachomoa waya.

Hakupiga tena. Labda alielewa, alikuwa mwanamke wa santrale kama mimi. Labda hakuelewa. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, kama alifika, na ninapokutana na vijana wa umri wake wametoka Kasai kutafuta kazi migodini, wananisalimia vizuri, wananitajia majina yao bila kuulizwa. Mimi huitikia, na kila mara hasira huwaka upya, kwa sababu lolote kati ya majina hayo linaweza kuwa ndilo.